Mwongozo Kamili: Kuchonga Sharubu na Ndevu za Kidevuni kwa Mwenye Mdomo wa Juu Mwembamba au Kidevu Kidogo

Wanaume wengi wenye mdomo wa juu mwembamba hufuga sharubu nene wakidhani zitauficha, na wenye kidevu kidogo huomba kinyozi awachoree mstari safi ukingoni mwa taya. Matokeo huwa kinyume cha walichotaka: mdomo hupotea kabisa chini ya nywele, na kidevu huonekana kifupi kuliko kilivyokuwa kabla ya kunyolewa. Kosa si la ndevu wala si la mashine. Sababu ni kwamba kasoro hizi mbili hutibiwa kwa njia zinazopingana, kwa kuwa juu ya mdomo hupunguzwa na chini ya kidevu huongezwa. Anayetumia urefu mmoja kwa sehemu zote mbili hawezi kufanikiwa.

Mwongozo huu umeandikwa hasa kwa mwenye ndevu za kipilipili, kwa sababu ndizo zinazodanganya zaidi wakati wa kupima. Mwenye ndevu zilizonyooka anaweza kuufuata pia, na mahali anapopaswa kubadilisha vipimo pameelezwa.

## Vifaa vya kuandaa kwanza

- Mashine ya kunyolea yenye vichana vyake vya namba. Katika mashine nyingi namba 1 huacha nywele za milimita 3, namba 2 huacha milimita 6, na namba 3 huacha takriban milimita 10. Soma kipimo kilichoandikwa kwenye kichana chenyewe, kwa kuwa baadhi ya mashine hutofautiana.
- Mkasi mdogo wenye ncha nyembamba na kitana chenye meno ya karibu.
- Rula fupi ya plastiki yenye alama za milimita zinazoanzia ukingoni kabisa.
- Penseli nyeupe ya vipodozi kwa ajili ya kuchora mipaka kwenye ngozi.
- Kioo kilichotundikwa ukutani, kioo kidogo cha mkononi, na simu yenye kamera.
- Taulo safi, maji ya uvuguvugu na mafuta mepesi ya ngozi.

Wembe sikuuweka katika orodha kwa makusudi. Nywele za kipilipili zikikatwa chini kabisa hujikunja na kurudi ndani ya ngozi, kisha huleta vipele ambavyo katika eneo la shingo na chini ya kidevu huweza kuacha makovu. Mashine isiyo na kichana huacha milimita 1 au pungufu, na kiasi hicho kinatosha kuonyesha mpaka.

## Hatua ya 1: Fuga bila kugusa kwa majuma 4 hadi 6

Ndevu hukua takriban sentimita 1 kwa mwezi, wakati mwingine zaidi kidogo. Mwenye ndevu zilizonyooka atosheke na majuma 4. Mwenye ndevu za kipilipili afikishe majuma 6, kwa maana unywele wake wenye urefu wa milimita 15 ukinyooshwa huweza kuonekana kama wa milimita 8 tu unapojikunja.

Sababu ya kusubiri ni kwamba huwezi kuchonga umbo ambalo malighafi yake haipo. Usikubali "kusafishwa kidogo" katikati ya kipindi hiki, hasa chini ya kidevu, kwa sababu nywele zinazoondolewa hapo ndizo utakazozihitaji kuliko zote.

Utajua uko tayari pale utakapoweza kushika nywele za chini ya kidevu kwa vidole viwili na kuzivuta bila kuteleza. Ikiwa baada ya majuma 8 kidevu bado kina mabaka yasiyoota, achana na ndevu za kidevuni peke yake. Afadhali uache ndevu fupi za milimita 2 au 3 katika taya nzima, zenye urefu kidogo zaidi kidevuni, kuliko kuning'iniza kishungi chepesi ambacho ngozi inaonekana ndani yake.

## Hatua ya 2: Piga picha mbili zisizodanganya

Picha ambayo mtu hujipiga kwa kunyoosha mkono haifai hata kidogo kwa kazi hii. Kamera ikiwa karibu na uso hukuza pua na kupunguza kila kilicho nyuma yake, kwa hiyo hata kidevu cha kawaida huonekana kimerudi nyuma. Wengi wanaoamini kuwa wana kidevu kidogo wamekiona kwenye picha za namna hiyo tu.

Egemeza simu mahali palipo sawa na kimo cha mdomo wako, umbali wa mita 1.5 au 2, na utumie muda wa kuhesabu wa kamera au umwombe mtu akupige. Piga moja kutoka mbele na nyingine kutoka ubavuni. Tazama mbele moja kwa moja, midomo ikiwa imefungwa kwa ulaini na meno yakikutana kama kawaida. Usiinue kidevu, ingawa utatamani kufanya hivyo.

## Hatua ya 3: Pima uso wako

Vipimo vitatu vinatosha, na vingi huchukuliwa mbele ya kioo kwa rula.

Kipimo cha kwanza ni urefu wa kidevu. Pima kutoka chini ya pua, pale kizingiti cha matundu kinapokutana na ngozi ya juu ya mdomo, hadi kwenye mstari ambapo midomo inakutana. Kisha pima kutoka kwenye mstari huo hadi mfupa wa chini ya kidevu, ukiibonyeza rula kidogo ili unene wa nywele usihesabiwe. Kanuni ya wachoraji wa sura ni kwamba sehemu ya pili iwe takriban mara mbili ya ile ya kwanza. Hii si sheria ya uzuri, bali ni kipimo cha kukuonyesha jicho linatarajia nini. Tofauti utakayoipata ndiyo upungufu ambao ndevu zitaujaza.

Kipimo cha pili ni kujitokeza kwa kidevu. Katika ile picha ya ubavuni, chora mstari wima unaogusa mdomo wa chini, au usimamishe rula wima ikigusa mdomo huo huku mtu mwingine akitazama. Kidevu kikiwa nyuma ya mstari kwa milimita 3 au 4, hakina tatizo lolote. Kikiwa nyuma zaidi ya hapo, utahitaji nywele zinazoelekea mbele na si zinazoelekea chini tu.

Kipimo cha tatu ni mdomo wa juu. Linganisha kimo cha nyama ya mdomo wa juu na ya mdomo wa chini. Ule wa juu ukiwa chini ya nusu ya ule wa chini, uchukulie kuwa mwembamba. Tabasamu kidogo pia. Ikiwa mdomo wa juu unatoweka unapotabasamu, sharubu zako zinahitaji uangalifu zaidi hata kama vipimo vimepita.

Tuchukue mfano tutakaoufuata hadi mwisho. Mtu ana milimita 24 kutoka puani hadi mstari wa midomo, na milimita 40 kutoka hapo hadi chini ya kidevu. Kidevu kilitarajiwa kuwa na 48, kwa hiyo kimepungukiwa milimita 8. Ubavuni kiko nyuma ya mstari kwa milimita 9, yaani takriban 5 zaidi ya kiasi kisichosumbua. Nyama ya mdomo wake wa juu ni milimita 4 na ya chini ni 10. Huyu ana kasoro zote mbili, na ndiye anayefeli mara nyingi zaidi saluni.

## Hatua ya 4: Chagua umbo

Mwenye mdomo wa juu mwembamba tu. Chagua sharubu fupi za milimita 3 hadi 6 ambazo ukingo wake wa chini unaishia milimita 1 au 2 juu ya nyama ya mdomo. Ule ukanda mwembamba wa ngozi unaobaki wazi ndio unaofanya kazi yote, kwa sababu hutenganisha weusi wa nywele na mdomo, na jicho huuona mdomo wote hadi kwenye ukingo wake. Nywele zikiufunika hata kwa milimita 1, mdomo wenye milimita 4 umepoteza robo nzima ya kimo chake.

Ncha za sharubu ziishie kwenye pembe za mdomo. Zikishuka chini ya pembe bila kuungana na kitu, huvuta uso uonekane wenye huzuni na kuufanya mdomo uonekane mfupi. Kuhusu kile kifereji cha katikati, kati ya pua na mdomo, uamuzi unategemea urefu wake. Kikiwa kifupi, unaweza kupunguza nywele zake ziwe chache kuliko za pembeni ili pindo la mdomo lionekane. Kikiwa kirefu, kama ilivyo kwa wengi wenye mdomo mwembamba, kijaze kabisa, kwa kuwa nywele hufupisha nafasi ile tupu.

Mwenye kidevu kidogo tu. Chagua ndevu za kidevuni zenye upana usiopungua upana wa mdomo, na uweke urefu mkubwa chini ya kidevu. Kishungi chembamba katikati ya kidevu kidogo ni chaguo baya, kwa sababu hutoa kipimo cha kulinganishia na kuonyesha jinsi ngozi ya pembeni ilivyo finyu. Kidevu chembamba kipewe mwisho mpana wenye mviringo. Kidevu kifupi lakini kipana, hasa katika uso wa duara, ndicho kinachoweza kubeba mwisho uliochongoka kidogo.

Mwenye vyote viwili. Hapa ushauri wangu unapingana na kile ambacho vinyozi wengi hufanya kwa mazoea, yaani mtindo wa O uliofungwa, ambapo sharubu na ndevu za kidevuni zinaungana na kuuzunguka mdomo. Duara jeusi lililofungwa huufanya mdomo mwembamba uonekane mdogo zaidi, na jicho hubaki ndani ya duara badala ya kushuka kidevuni. Acha nafasi ya milimita 4 hadi 6 kila upande, pale sharubu zingekutana na ndevu. Nafasi hiyo iwe na nywele fupi sana za mashine isiyo na kichana, na si ngozi tupu, ili umbo lisionekane limekatwa vipande.

Mwislamu anayefuata sunna ya kupunguza sharubu na kufuga ndevu atagundua kwamba mgawanyo huu haumlazimishi kubadilisha desturi yake, kwani ufupi wa juu na urefu wa chini ndio unaotakiwa. Asiyenyoa mashavu ayaache, ila ahakikishe nywele za mashavuni ni fupi kuliko za kidevuni, vinginevyo uso utapanuka na kidevu kitabaki kidogo vilevile.

## Hatua ya 5: Chora mipaka kabla ya kuwasha mashine

Osha ndevu, zikaushe kwa taulo, kisha usubiri zikauke kabisa. Nywele zilizolowa hurefuka na kulala. Ukizichunguza kwenye kioo zinapokauka, utaona ncha ya kila unywele ikijiviringisha na kupanda polepole kuelekea kwenye ngozi. Anayekata zikiwa na maji hukuta saa moja baadaye amepunguza zaidi ya alivyokusudia.

Kwa penseli nyeupe, chora mipaka mitatu:

1. Mstari wa juu ya mdomo, ukifuata pindo la mdomo wenyewe, milimita 1 au 2 juu yake. Usiuchore mnyoofu kama wa rula, kwani mstari mnyoofu huondoa umbo la mdomo.
2. Mistari miwili ya pembeni ya ndevu za kidevuni. Ianzie chini ya pembe za mdomo na ishuke wima, au iende nje kwa milimita 2 au 3 ikiwa kidevu ni chembamba.
3. Mstari wa chini, ambao lazima uwe shingoni. Weka vidole viwili vilivyolala juu ya kikoromeo, na mstari upite juu ya kidole cha juu.

Mstari huu wa chini ndio unaoharibu kazi nyingi kuliko mengine yote. Ukingo wa taya ukinyolewa, kidevu huishia pale mfupa unapoishia, na ndevu zote zilizobaki mbele haziwezi kuongeza hata milimita moja chini yake. Zile nywele za upande wa chini, zinazotazama shingo, ndizo zinazoshuka na kutengeneza kidevu kipya. Aidha, kivuli chake huficha pembe kati ya kidevu na shingo, ambayo kwa mwenye kidevu kidogo huwa butu.

## Hatua ya 6: Kata sharubu

Chana sharubu kuelekea chini. Weka kichana cha namba 2 na upitishe mashine kufuata uelekeo wa nywele. Tazama matokeo kabla ya kushuka namba 1, kwa kuwa mwenye nywele nzito sana ndiye anayehitaji kushuka.

Baada ya hapo tumia mkasi, si mashine, kwenye mstari wa mdomo. Anzia katikati na uelekee pembeni, upande mmoja kisha mwingine, ukikata kidogo kidogo huku mdomo ukiwa umetulia. Usiuvute mdomo wala usiukunje juu ya meno, kwa sababu ukiuachia ngozi hupanda na mstari unajikuta juu mno.

Umefaulu ikiwa unaweza kutamka "mama" na "baba" mbele ya kioo bila unywele wowote kugusa nyama ya mdomo, na ukanda wa ngozi ukaonekana sawa pande zote mbili.

## Hatua ya 7: Kata kidevu kwa ngazi

Kidevu hakikatwi kwa namba moja. Kinagawanywa katika sehemu tatu.

Kishungi kilicho chini tu ya mdomo wa chini kiwe kifupi, milimita 3. Kinapaswa kubaki, kwa kuwa hujaza kibonde kati ya mdomo na kidevu, lakini kikiwa kinene husukuma mdomo mbele kwa macho na kukifanya kidevu kionekane kimerudi nyuma zaidi.

Uso wa mbele wa kidevu uwe milimita 6 hadi 10. Hapa ndipo panapojibiwa kipimo cha pili. Mtu wetu wa mfano alipungukiwa takriban milimita 5 mbele, hivyo namba 2 inamtosha ikiwa nywele zake ni nzito, na namba 3 ikiwa ni laini au zimejikunja sana.

Sehemu ya chini ya kidevu iachwe na urefu mkubwa kuliko zote. Mtu wetu anahitaji milimita 8 zinazoonekana, na kwa kuwa ndevu zake ni za kipilipili, ataacha takriban milimita 15 zikinyooshwa. Chana nywele kuelekea chini, shika kitana chini ya kidevu kikiwa kimelala, na ukate kwa mkasi zile tu zinazotokeza nje ya meno. Kisha ziache zijikunje na upime tena kwa rula kutoka mfupani. Kama zimefika milimita 8, simama hapo. Zikifika 12 au 15, jicho huacha kuona kidevu na kuanza kuona ndevu, na watu wakitazama kutoka ubavuni hugundua mara moja mfupa unaishia wapi.

Mwisho, pitisha mashine isiyo na kichana nje ya mistari uliyochora, ukifuata uelekeo wa nywele. Pale ndevu za kidevuni zinapokutana na taya, usiache ukuta mkali. Pitisha namba 1 kwenye ukanda wa nusu sentimita ili nene na fupi zishikane taratibu, la sivyo kidevu hubaki kama kisiwa.

## Hatua ya 8: Kagua kwa picha ileile

Rudia picha mbili za hatua ya 2, umbali uleule na mwanga uleule, kisha uziweke pembeni ya zile za mwanzo. Katika picha ya mbele, pima tena uwiano. Mtu wetu sasa ana 24 juu na 48 chini. Katika picha ya ubavuni, ukingo wa ndevu uwe milimita 3 au 4 nyuma ya mstari wa mdomo wa chini. Usijaribu kuufikisha mbele ya mstari huo.

Kama kidevu bado kinaonekana kidogo ilhali vipimo ni sahihi, tatizo mara nyingi ni mashavu yaliyoachwa marefu au sharubu zilizo nene kupita kiasi. Punguza hizo kabla ya kuongeza chini.

## Ukienda kwa kinyozi

Mweleze kwa vipimo na si kwa jina la mtindo, kwa kuwa jina moja hubeba maumbo tofauti kutoka saluni moja hadi nyingine. Unaweza kusema hivi: "Kaka, mstari wa chini uweke shingoni, usiguse ukingo wa taya. Sharubu namba 2, na juu ya mdomo tumia mkasi. Mbele ya kidevu namba 2, chini yake usipitishe mashine." Mwonyeshe mstari wa shingo kwa kidole chako kabla hajaanza. Akisisitiza kukamilisha kwa wembe, hakikisha ni mpya na unafunguliwa mbele yako.

## Utunzaji na marekebisho

Mstari wa juu ya mdomo huhitaji mkasi kila baada ya siku 3 au 4, kwa kuwa milimita moja na nusu hujazwa haraka. Kidevu hupunguzwa kila baada ya majuma 2, na kila mara hupimwa kikiwa kikavu. Vipele vikitokea shingoni, acha kunyoa eneo hilo hadi vipoe, na usivitumbue.

Ukikosea na kukata ukingo wa taya, usiendelee kusawazisha. Kata uso wa mbele wa kidevu hadi milimita 3 ili tofauti isionekane, punguza sharubu ziwe milimita 3 pia, kisha acha eneo la chini likue kwa majuma 4 hadi 6 kabla ya kurudi hatua ya 3. Kama umekosea juu ya mdomo na kupandisha mstari mno, subiri siku 5 au 6 bila kugusa upande wa pili, kwani anayelinganisha pande mbili kwa kukata huishia na uzi mwembamba chini ya pua.

Kuna hali ambazo ndevu haziwezi kuzitatua. Kidevu kikiwa nyuma ya mstari wa mdomo kwa zaidi ya sentimita 1 na nusu, meno ya juu na ya chini yasipokutana vizuri, au ukiwa unakoroma sana na kukatika pumzi usingizini, huenda tatizo liko kwenye mfupa wa taya. Hapo nenda kwa daktari wa meno au wa upasuaji wa taya.